Kata Juu ya Jicho Linalotazama Nje: Namna ya Kuufufua Mwaridi Mkongwe

Mwaridi hauzeeki wote kwa mara moja. Yanayozeeka ni mashina yake, moja baada ya jingine, na mizizi hubaki na nguvu miaka mingi baada ya mashina kuchoka. Kwenye ukuta wa kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi wa porini ambao wenyeji huuhesabia umri wa miaka elfu moja. Tarehe 22 Machi 1945 mji ule ulipigwa mabomu, kanisa likabomoka, na mwaridi ukaungua. Chini ya kifusi mizizi ilikuwa hai. Majira yaleyale ikatoa machipukizi mapya, na mti huo upo hadi leo.

Nautaja mwaridi huo kwa sababu katika bustani za nyanda zetu za juu, kuanzia Limuru na Nyeri hadi Lushoto, Arusha na Njombe, miwaridi mingi hung'olewa ingali na mizizi mizima. Mwenye nyumba huona mti umerefuka hadi usawa wa paa, chini imebaki miguu mitupu ya kijivu, na maua machache madogo yanatoka juu kabisa, mahali ambapo hata kuyanusa ni kazi. Huamua kwamba mti umekwisha. Mara nyingi haujaisha, ila umekosa mtu wa kuukata.

Ukataji ninaouzungumzia si ule wa kuondoa maua yaliyonyauka. Ni kupogoa kwa nguvu, yaani kuondoa mashina makongwe kuanzia kitakoni na kuyafupisha yanayobaki hadi nusu ya urefu wake au pungufu ya hapo, mara tu mkupuo wa maua unapokwisha. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Meru wanalijua jambo la jinsi hii. Mbuni ukichoka hukatwa kisiki, hutoka maotea, mkulima huchagua mawili matatu yaliyo bora, na shamba hurudi kuzaa. Mwaridi hufuata kanuni iyo hiyo, lakini una sharti la ziada, nalo ni upande ambao jicho linatazama.

Shina jipya la mwaridi hutoka kitakoni likiwa la kijani au jekundu, nene, lenye gamba laini. Katika msimu wa kwanza na wa pili ndipo linapotoa maua yake makubwa. Kila mkupuo wa maua huacha tawi juu ya tawi, na juu ya hilo jingine jembamba zaidi, hadi kileleni panakuwa na kichaka cha vijiti visivyoweza kubeba ua la maana. Wakati huohuo gamba la chini hugeuka kahawia, kisha kijivu, likaanza kupasukapasuka. Macho yaliyokuwa wazi huzama ndani ya gamba gumu na mengi hayaamki tena. Shina la namna hiyo huendelea kuishi, lakini linakula chakula cha mizizi bila kukilipa, na kwa kuwa bado lipo, linazuia mashina mapya yasitoke.

Kuzuia huko kuna sababu inayofahamika. Pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina, kwenye kwapa la jani, pana kinundu kidogo, mara nyingi chekundu. Hilo ndilo jicho. Jani likidondoka hubaki alama ya mstari mwembamba uliopinda, na jicho liko juu yake tu. Ndani ya jicho kuna tawi zima linalosubiri zamu. Ncha ya shina inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka kupitia shina na kuyalaza macho yote ya chini. Ukiiondoa ncha, oksini hupungua, na jicho la juu kabisa kati ya yaliyobaki ndilo huamka kwanza, likifuatiwa na moja au mawili yaliyo chini yake. Jicho hilo huota kuelekea kule linakotazama. Kwa hiyo anayechagua jicho amechagua tawi lijalo litaelekea wapi.

Ukisimama mbele ya mwaridi, "nje" maana yake ni mbali na katikati ya mti. Jicho linalotazama nje litatoa tawi linalokwenda pembeni, na katikati patabaki wazi kwa mwanga na upepo. Jicho linalotazama ndani litatoa tawi linalopita katikati, likasuguana na wenzake, likajeruhi gamba kwa miiba yake, na kuzuia majani yasikauke baada ya mvua. Kukauka kwa majani ni jambo zito katika sehemu zenye ukungu wa asubuhi. Ugonjwa wa madoa meusi, unaotia majani madoa na kuyapukutisha yakiwa ya manjano, unasababishwa na kuvu ambaye mbegu zake zinahitaji jani liwe limelowa kwa takriban saa saba mfululizo ndipo ziweze kuingia. Mti ulio wazi katikati hukauka mapema na kuyapunguza masaa hayo. Mti uliosongamana huwa bado umelowa saa nne asubuhi.

Hata hivyo nisilitie chumvi jambo hili. Uingereza, katika bustani za chama cha wapenda waridi zilizokuwa Saint Albans, walifanya majaribio yaliyowashangaza wengi. Miwaridi mingine waliipogoa kwa uangalifu, jicho kwa jicho, na mingine waliikata kwa mashine ya kupunguzia ua wa mimea bila kutazama jicho lolote. Ile iliyokatwa kwa mashine ilichanua vizuri, haikuzidiwa na wenzake. Kwa hiyo mkato uliokosea jicho hauui mti. Kinachopotea ni umbo, na baada ya misimu kadhaa ni ile nafasi ya katikati. Kwa mwenye mwaridi mmoja au mitano uani, katika mji wenye ukungu, naona dakika ishirini za kutafuta macho zinafaa kabisa.

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Humo utaambiwa upogoe mwishoni mwa majira ya baridi, mti ukiwa umelala. Kwetu mwaridi haulali. Kalenda yetu ni mti wenyewe: mkupuo mkubwa wa maua umekwisha, petali zimedondoka, vitunda bado havijavimba. Wakati huo macho yaliyo chini ya maua tayari yanajiandaa kuamka, na ukikata hapo unaielekeza nguvu hiyo chini badala ya kuiacha ipotee kileleni. Linalobaki ni kuoanisha wakati huo na maji. Katika maeneo yenye mvua za masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, nafasi nzuri ni wiki mbili tatu kabla ya mvua, au zinapopungua na udongo bado una unyevu. Januari na Februari kwenye jua kali pasipo maji ya kumwagilia, usiguse. Katikati ya mvua zisizokatika pia usiguse, kwa sababu kidonda kinachokaa na maji hukaribisha kuvu.

Kuna miwaridi ambayo kwayo suala la "baada ya maua" si ushauri tu bali ni lazima. Ni ile inayochanua mara moja kwa mwaka, maua yake yakitoka kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Waridi wa Jebel Akhdar huko Oman, ambao maua yake huchumwa kati ya mwishoni mwa Machi na Mei na kutengenezewa marashi, ni wa kundi hilo. Ukiufupisha mwaridi wa namna hiyo kabla ya kuchanua umeyatupa maua ya mwaka mzima. Miwaridi mingi ya bustani za Afrika Mashariki ni ile inayorudia kuchanua, na maua yake hutoka kwenye chipukizi la msimu huohuo, kwa hiyo yenyewe inasamehe zaidi.

Sasa tuutazame mti mmoja. Shangazi yangu anakaa Lushoto, na mbele ya baraza lake kuna mwaridi wa aina ya Queen Elizabeth, ule wenye maua ya waridi yaliyokolea kiasi na mabua marefu. Aina hii ilitolewa na mtaalamu wa Marekani, Walter Lammerts, mwaka 1954, na ni kati ya zile zinazopenda kurefuka; ikiachwa hufika mita mbili na nusu bila shida. Wa shangazi ulikuwa umefika kwenye mchirizi wa bati. Tulikubaliana kuukata baada ya maua ya mwisho kudondoka, ardhi ikiwa ingali na maji ya masika.

"Ukiniulia mwaridi huu, mwanangu, usirudi hapa," aliniambia, akaleta kiti akae aone.

Siku mbili kabla tuliumwagilia vizuri, ili mashina yanayobaki yawe yamejaa maji. Siku ya kazi tulianza kwa kufukua udongo na majani yaliyooza kitakoni hadi tukaliona fundo, yaani pale ulipobebeshwa. Miwaridi mingi inayouzwa kwenye vitalu hubebeshwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu, na chochote kinachotoka chini ya fundo si mwaridi uliouchagua. Ule wa Hildesheim ni wa porini, kwa hiyo hata ukichipua kutoka chini ya ardhi bado ni uleule. Wa shangazi, kama ungekatwa chini ya fundo, ungerudi ukiwa mti mwingine wenye maua mengine.

Juu ya kitako tulihesabu mashina tisa. Mawili yalikuwa makavu, yanavunjika kwa mkono. Moja lilikuwa jembamba na ndefu, majani yake madogo na yenye rangi tofauti, nalo lilitokea kwenye mzizi chini ya fundo: otea. Matatu yalikuwa mazee, ya kijivu, unene wa mpini wa jembe. Mawili yalikuwa ya umri wa kati, kahawia kwa chini na kijani kuanzia kiunoni. La mwisho lilikuwa jipya, la kijani, limetoka kitakoni msimu uleule. Hilo la tisa ndilo lililonipa matumaini, kwa sababu mti unaoweza kutoa shina moja kutoka kitakoni bado una macho hai pale.

Makavu tuliyatoa kwanza kwa msumeno, tukakata karibu kabisa na fundo bila kuacha kisiki. Kisiki kikavu cha sentimita tatu hubaki kikioza miaka, na uozo hushuka. Otea hatukulikata. Tulilifuata hadi lilipotokea, tukalishika kwa glavu nene na kulinyofoa kwa kulivuta chini. Otea linalokatwa kwa mkasi huacha macho kwenye mzizi, na badala ya moja yatarudi manne. Watu wengine hulitambua otea kwa kuhesabu vijani, wakiamini jani la vijani saba ni la otea na la vitano ni la mwaridi wenyewe. Kipimo hicho hudanganya, kwa maana ipo miwaridi mizuri tu yenye majani ya vijani saba. Kipimo cha kweli ni mahali lilipotokea.

Yakabaki mashina sita hai. Kanuni ninayoifuata ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya mashina hai kwa msimu mmoja, kwa sababu mti wetu usiolala huishi kwa majani yake siku zote, na akiba iliyomo kwenye mashina na mizizi haitoshi kuanza upya kila kitu. Kwa hiyo tuliondoa mazee mawili kati ya matatu, kwa msumeno, kwenye fundo. La tatu tulilifupisha tu, lakini tulilibakizia matawi yake yenye majani ili liulishe mti na kukikinga kitako na jua la mchana, maana gamba kongwe lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla hubabuka na kufa. Hilo zamu yake ilikuwa msimu unaofuata.

Yale mawili ya umri wa kati ndiyo yaliyohitaji macho makini. Tulikusudia kuyakata kwenye urefu wa goti na kidogo, sentimita 50 hadi 60. Kwenye la kwanza, jicho lililokuwa katika urefu huo lilitazama ndani moja kwa moja. Hapa ndipo inapofaa kujua kwamba macho ya mwaridi huzunguka shina: ukihesabu kutoka jicho moja, la sita huwa karibu sawasawa juu ya la kwanza, shina likiwa limezungukwa mara mbili. Ndani ya macho matano yanayofuatana hukosi linalotazama nje. Tulishuka macho mawili, tukalipata. Tofauti ya sentimita nane za urefu haidhuru kitu, lakini tawi linaloelekea upande usiofaa utaishi nalo miezi mingi.

Mkato wenyewe unakaa kati ya milimita tano na saba juu ya jicho, na unakwenda kwa mshazari. Upande wa juu wa mshazari uwe ule wenye jicho, na upande wa chini uwe kinyume chake, maji ya mvua yateremke mbali na jicho. Upande wa chini usishuke kupita usawa wa jicho lenyewe, la sivyo jicho linabaki limeshikiliwa na nyama kidogo na kukauka. Ukikata juu mno, ukaacha sentimita mbili au tatu, kipande hicho hakina jani wala jicho la kuvuta maji. Kitakufa, kitakuwa cheusi, na mara nyingi kifo hicho hakisimami kwenye jicho bali kinashuka kulipita. Nikikuta miwaridi ya watu ina ncha nyeusi kila mahali, karibu daima sababu ni hiyo.

Mkasi mzuri ni ule ambao kisu chake kinapita kando ya meno yake ya chini, si ule unaobana juu ya bapa, kwa kuwa huo huponda shina. Ugeuze kisu kiwe upande wa shina linalobaki, ili sehemu inayobanwa iwe ile unayoitupa. Na kabla ya kuhamia mti mwingine, upanguse kwa spiriti.

Baada ya mkato, tazama uso wake. Moyo wa shina zima ni mweupe au wa rangi ya maziwa. Kwenye shina la pili la shangazi ulikuwa wa kahawia katikati. Maana yake kifo kilikuwa kimeshaingia kutoka juu. Tulishuka jicho hadi jicho, kila mara tukitafuta linalotazama nje, mpaka moyo ukawa mweupe, na shina likaishia sentimita 35 tu. Shangazi alisikitika, nikamwonesha kile kipande cha kahawia. "Basi shuka," alisema. Shina fupi lenye moyo mweupe lina mustakabali mzuri kuliko refu lenye moyo mchafu.

Lile zee lililobaki lilituletea tatizo jingine: halikuwa na jicho hata moja linaloonekana kwenye sehemu tuliyotaka kukata. Kwenye gamba kongwe hutafutwa pete, ile mikunjo midogo inayozunguka shina mahali ambapo majani au matawi yalikuwepo zamani. Chini yake kuna macho yaliyolala. Tulikata juu kidogo ya pete mojawapo, kwa makusudi tukiacha kipande kirefu. Yakishatoka machipukizi, ndipo mtu hurudi na kukata upya milimita chache juu ya lile lililoelekea nje. Shina jipya la kijani hatukulifupisha. Tulikata tu kile kichwa cha maua yaliyonyauka, juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje.

Mti ulibaki na mashina manne. Tulikusanya majani yote yaliyodondoka tukayachoma, maana madoa meusi hujificha humo. Tulitia ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri kuuzunguka, bila kugusa fundo, tukafunika kwa matandazo ya nyasi kavu na kumwagilia ndoo mbili. Mbolea ya chumvichumvi hatukuiweka siku ile. Mti usio na majani ya kutosha hauitumii, na nyingi huishia kuoshwa na mvua. Hiyo husubiri machipukizi yafike urefu wa kidole.

Katika wiki ya pili na ya tatu macho yalivimba na kuwa mekundu. Hapo kuna kazi ndogo ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko mkato wenyewe. Jicho ulilolichagua huamka, lakini la chini yake huamka pia, na hilo pengine linatazama ndani. Machipukizi hayo ya ndani, yakiwa bado na urefu wa sentimita mbili, hung'oka kwa kidole gumba bila kuacha kidonda cha maana. Anayekata vizuri kisha akaacha kila kinachoota, baada ya miezi sita atakuwa na kichaka kilekile.

Wiki ya sita lilitoka lile tulilolingojea, shina nene jekundu kutoka kwenye fundo lenyewe, penye nafasi iliyoachwa na mazee mawili. Mashina ya namna hii hupanda kwa kasi na, yakiachwa, hukimbilia juu na kutoa shada zito la maua kwenye ncha moja, ambalo upepo hulivunja. Likifika sentimita 50 hivi, bana ncha yake kwa vidole, juu ya jani lenye vijani vitano linalotazama nje. Litasimama kidogo, kisha litagawanyika matawi mawili au matatu. Mti wa shangazi ulichanua tena baada ya wiki nane hivi, maua yakiwa machache kuliko zamani lakini makubwa, kwenye usawa wa kiuno.

Dalili za kwamba mambo hayaendi sawa huonekana mapema. Ncha inayoendelea kuwa nyeusi kushuka chini ya jicho inataka mkato mpya kwenye moyo mweupe, siku hiyohiyo. Machipukizi yanayotoka kisha kunyauka yote kwa pamoja yanaonesha mizizi haina maji, au imeoza kwa kusimama ndani ya maji. Vidukari wakijaa kwenye chipukizi changa huoshwa kwa maji ya nguvu. Na ukikata kwa mtindo huu ukakuta majani mapya yana unga mweupe, huo ni ubwiri unga. Mara nyingi mti uko kwenye kivuli, na mkasi hauwezi kuondoa kivuli cha mwembe wa jirani.

Jicho la nje nalo lina kighairi. Kuna miwaridi inayolala yenyewe, matawi yake yakianguka pembeni hadi kugusa ardhi. Hiyo ukiikata kila mara juu ya jicho la nje itatandaa chini kabisa. Chagua jicho linalotazama juu, hata kama ni la ndani, ili tawi jipya liinuke. Vivyo hivyo kwa mwaridi uliopandwa karibu na ukuta: "nje" yake si ukutani.

Na pwani, kwenye joto na unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja, usikate kwa ukali huu. Mwaridi hukua pale kwa taabu, majani yake hupukutika kwa madoa meusi, na akiba yake ni ndogo. Ondoa makavu, ondoa shina moja zee kwa msimu, fupisha kwa robo tu. Mti mdogo usiotimiza miaka miwili nao usipogolewe kwa nguvu popote pale.

Ukiyafanya haya kwa misimu miwili na fundo lisitoe shina hata moja jipya, mti umekwisha kweli, na kuendelea kuukata ni kuutesa. Ung'oe pamoja na mizizi yake. Usipande mwaridi mwingine katika udongo uleule, kwa sababu mche mpya hudumaa mahali palipokaa mwaridi mkongwe. Hamisha shimo, au kama ni lazima pawe papo hapo, toa udongo wa nusu mita kwenda chini na nusu mita kwa upana, ujaze mwingine kutoka shamba la mboga.